Karatasi Tatu za Rubi Moja

Yasmini alijua kuwa jiwe limeliwa hata kabla mwenye pete hajamaliza kulifungua kwenye leso.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imekaza, na mteja alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya kitenge. Alisema anaitwa Apolonia, ametoka Iringa kwa basi la alfajiri. Mumewe, Silvester, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na walipotimiza miaka arobaini ya ndoa alikuja kwenye duka hili akamnunulia pete ya rubi. Mchungaji aliibariki mbele ya ushirika wote. Wiki iliyopita Mama Apolonia aliona imefifia, akaiosha kama alivyofundishwa na mama yake kuosha fedha na shaba: aliiacha usiku kucha kwenye kikombe cha maji ya ndimu. Asubuhi alikuta jiwe jekundu limejaa mistari myeupe inayokatana, kama uso wa sahani ya udongo iliyopasuka.

Kwenye mkoba alikuwa na karatasi, imehifadhiwa ndani ya plastiki. Ilikuwa ngumu, ya rangi ya maziwa, na pembeni ilikuwa na muhuri wa dhahabu uliovimba. Juu iliandikwa Cheti cha Uhalisi. Chini yake: rubi ya asili, asilimia mia moja, umbo la yai, uzito karati 3.09, urefu 9.21, upana 7.40, kina 5.61. Halafu thamani ya jiwe kwa ajili ya bima, ambayo ilikuwa mara tatu ya bei aliyolipa Silvester. Mwisho kabisa ilikuwepo saini ya mtaalamu wa vito wa duka.

Saini ilikuwa ya Yasmini.

Mwenye duka, Habibu, alikuwa baba yake mdogo. Baba yake Yasmini alipofariki, Habibu ndiye aliyewachukua yeye na mama yake, Asmaa, wakahamia Ilomba kwenye nyumba aliyowajengea nyuma ya yake. Ndiye aliyempeleka Arusha kusomea vito. Yasmini aliporudi alikabidhiwa meza, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya karati, kipimo cha kushika jiwe, darubini na muhuri. Miezi ya kwanza aliandika kila alichokiona. Kama jiwe limepikwa kwenye tanuru ili rangi ikolee, aliandika limepikwa. Hakuona ubaya, kwa sababu rubi nyingi duniani zimepikwa, na mnunuzi akijua analipa anachostahili kulipa. Kisha Habibu akamwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba neno hilo linawatisha watu wasioelewa, na kwamba cheti cha duka si mtihani wa chuo. Aandike jiwe ni nini na lina uzito gani. Mengine watu wakiuliza, watajibiwa.

Watu hawakuuliza. Watu huuliza wanachokijua.

Baadaye yalianza kuja mawe ya aina nyingine, yakiwa kwenye vifuko vya nailoni, mengi kwa mkupuo, mekundu kama juisi ya rozela. Yasmini aliyaweka chini ya darubini akaona viputo vya hewa vimenasa ndani ya nyufa, na alipoligeuza jiwe kidogo, mmweko wa bluu ukapita kwenye ufa na kupotea. Hizo zilikuwa rubi hafifu, zilizopasukapasuka hadi hazifai kitu, zikachemshwa na kioo chenye madini ya risasi ili kioo kizibe nyufa na jiwe lionekane safi. Alimwambia baba mdogo. Habibu akamwuliza kama ndani yake kuna rubi ya asili. Yasmini akakubali kwamba ipo. "Basi andika hiyo iliyopo," Habibu alisema, na Yasmini akaandika. Lile la karati 3.09 lilikuwa la nne au la tano.

Sasa Habibu alitoka nyuma ya pazia, akamsalimia Mama Apolonia kwa heshima, akamletea kiti na chai ya tangawizi. Aliitazama pete. Alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayetazama mtoto aliyeungua. Akamwuliza aliiosha kwa kitu gani, na alipojibiwa, akavuta pumzi. Akamweleza kwamba vito ni vitu vya kulelewa, kwamba ndimu ni tindikali, na kwamba duka haliwezi kuwajibika kwa jiwe lililoharibiwa nyumbani. Lakini kwa kuwa mteja ni mtu mzima kama mama yake, angeweza kumsaidia kulisugua upya kwa gharama ndogo tu.

Mama Apolonia aliweka kikombe chini. Akaomba radhi. Alisema amefanya ujinga, kwamba mumewe alikuwa ameuza hata pikipiki yake kuongezea, na akamsihi Habibu, kama mzee huyo akipiga simu, asimwambie habari ya ndimu.

"Itabaki kati yetu, mama," Habibu alisema, akampigapiga begani.

Yasmini alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Rubi halisi ungeweza kuiloweka kwenye ndimu mpaka Idi ijayo, ukaitoa kama ilivyokuwa. Kilicholiwa kilikuwa kioo. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake, na jina lake lilikuwa pale mezani, kwa wino wa bluu. Alichukua kitambaa akaanza kufuta lenzi ya darubini. Mama Apolonia akafunga pete yake kwenye leso, akamshukuru na yeye pia, akaondoka.

Usoni Habibu hakubadilika. Alichukua kikombe cha yule mama, akamimina chai iliyobaki kwenye ndoo, akasema wanawake wa shamba wana ndimu kwa kila kitu.

Yasmini alikaa na jambo hilo siku tatu. Alipomweleza mama yake, Asmaa hakuacha kuchambua mchele. Alimkumbusha nani amelipa ada, nani amewaezekea bati. Hakusema kuwa Habibu hana kosa. Alisema tu kwamba mtu hamvui nguo baba yake sokoni. Yasmini alimpenda mama yake, lakini jibu lile lilimchukiza kuliko chai ya Habibu, kwa sababu aliona kuwa ndilo ambalo yeye mwenyewe amekuwa akijipa kwa mwaka mzima.

Jumamosi alipanda basi kwenda Iringa.

Nyumba ya Silvester ilikuwa juu mlimani, upande ambao upepo haupumziki. Mzee alimpokea kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, akamkaribisha ndani, na mkewe alipomwona mgeni ni nani alibadilika uso, akidhani siri ya ndimu imekuja kwa miguu. Yasmini aliwaamkia wote wawili, akakaa, na kabla uoga haujamrudia akasema yote: kwamba mama hakuharibu kitu, kwamba jiwe lilijazwa kioo tangu mwanzo, kwamba duka lilijua, na kwamba yeye alijua.

Silvester hakupandisha sauti. Aliomba cheti, akakitoa kwenye plastiki, akakipima kati ya kidole gumba na cha shahada kama alivyokuwa akipima karatasi kiwandani. Alisema ni karatasi nzuri, nzito, haikuchakatwa hapa nchini. Siku aliyolinunua jiwe alikuwa ameishika hivyohivyo, akajisemea kwamba mtu anayetumia karatasi ya namna hii hawezi kuwa mbabaishaji.

"Hii saini ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu, mzee."

"Ulipoiweka ulikuwa unasema kweli?"

"Uzito ni kweli. Vipimo ni kweli. Nilipima mwenyewe. Lakini niliacha kuandika kile ambacho ungetaka kukijua."

Mzee alikirudisha cheti kwenye plastiki. Kisha akasema, "Kwa hiyo jana nilitakiwa kuamini karatasi yako, na leo unataka niamini mdomo wako. Nikuamini kwa lipi, binti?"

Yasmini alikuwa ametafuta jibu la swali hilo njia nzima, tangu Uyole hadi Mafinga, na alikuwa amelipata moja tu. Alimwambia asimwamini. Alipeleke jiwe Arusha, kwenye maabara ambayo hainunui wala haiuzi mawe, na alipeleke kwa mkono wake au wa mtu wake. Yeye, Yasmini, asiliguse.

Mama Apolonia aliuliza kama watu wa maabara nao hawalipwi. Yasmini alikubali kwamba wanalipwa. "Ila wanalipwa kilekile, mama, jiwe likiwa zuri au likiwa takataka. Duka linalipwa pale tu utakaponunua."

Walikuwa na binti, Benedicta, muuguzi mjini Moshi, na kutoka Moshi hadi Arusha si mbali. Ikakubaliwa kwamba yeye ndiye atakayelipeleka. Yasmini akashauri jambo moja zaidi: jiwe litolewe kwenye pete kwanza, maana likiwa limefungwa maabara haiwezi kulipima uzito kamili, wala kuliona pande zote. Wakaenda kwa sonara wa pale mjini, Muhidini, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Muhidini aliligeuza jiwe mara moja tu akaguna. Alifungua kucha za pete moja baada ya nyingine kwa koleo, bila kuwasha moto. Alisema mawe ya namna hii akiyasogezea moto yanatoka jasho la kioo, na kwamba mwaka huu yameshamharibikia mawili mkononi, wenyewe wakamdai yeye. Alipoulizwa kwa nini hakuwaambia ukweli, alijibu kwamba walikuwa na vyeti, na yeye alikuwa na koleo tu.

Walilipima pale mbele ya wote, wakalipiga picha kwa simu ya Silvester juu, chini na ubavuni. Mizani ya Muhidini ilisoma 3.08. Tindikali ilikuwa imekula sehemu moja ya mia.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Siku zote hizo Yasmini aliendelea kufungua duka asubuhi, kufuta vioo vya kabati na kukaa kwenye meza yake. Habibu alimletea mawe mawili ya kuandikia vyeti. La kwanza lilikuwa safaya ya Tunduru, safi, akaliandikia. La pili lilikuwa jekundu, lenye mmweko wa bluu. Aliliandikia cheti, na kwenye mstari wa chini akaongeza: limejazwa kioo. Habibu alikisoma, akakichana vipande vinne bila hasira, akachukua karatasi nyingine tupu kutoka kwenye boksi na kuiweka mbele yake. Yasmini alisema mkono unamuuma. Baba mdogo akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, na pale chini akachora saini ya Yasmini, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu aliyeizoea zamani.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuwa anahitajika kujua chochote. Miezi sita ya Arusha ilikuwa imenunuliwa ili jina lake liwe na neno mtaalamu mbele yake. Alikwenda chooni akanawa mikono kwa sabuni hadi ikaanza kuwasha.

Ijumaa baada ya sala ya mchana, Silvester na mkewe waliingia dukani. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alitoa bahasha, akaweka mezani jiwe kwenye kiboksi kidogo na karatasi moja ya kawaida, nyepesi, isiyo na dhahabu wala nakshi. Ilikuwa na picha ya jiwe, tarehe, namba ya ripoti, uzito karati 3.08, vipimo 9.21 kwa 7.40 kwa 5.61. Aina: rubi ya asili. Maelezo: nyufa zimejazwa kioo cha risasi kwa kiwango kikubwa, jiwe si imara, lisiguswe na moto wala tindikali. Kulikuwa na sehemu ya kusoma kwa simu. Benedicta alikuwa amemwonyesha baba yake namna ya kufanya, na ukurasa wa maabara ulifunguka ukaonyesha namba ileile na picha ileile.

Silvester alikuwa ameitafuta bei akaikosa, na jambo hilo lilikuwa limemsumbua njiani. Alidhani ripoti haijakamilika. Yasmini alimweleza kwamba maabara husema jiwe ni nini na limefanywa nini. Bei ni ya soko. Tena hata hayo wanayoyasema ni maoni ya wataalamu kuhusu jiwe walilopelekewa siku ile, na wenyewe wameandika hivyo kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi.

"Maoni," Habibu alidaka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kabati, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Alisema hata yeye ana maoni. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyochapwa rangi, akaiweka kando ya ile ya Arusha. Ilikuwa ripoti ya maabara ya ng'ambo, yenye namba na picha ya rubi nyekundu ya kupendeza: karati 3.12, hakuna dalili ya kupikwa.

"Hili ndilo jiwe nililowauzia," alisema. "Mnaona? Maabara kubwa kuliko hiyo yenu. Niliwauzia karati tatu na ushee, jiwe safi. Sasa mnaniletea kioo. Sijui ni sonara gani wa Iringa aliyewabadilishia, na sitaki kumdhania mtu mabaya. Lakini hili la kioo silijui."

Mama Apolonia alishika ukingo wa kabati. Silvester alitazama karatasi mbili, kisha akamtazama Habibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha uzee. Mtu aliyekuja na ushahidi alikuwa anageuzwa mwizi kwa ushahidi wa aina ileile, na kwa macho ya kawaida karatasi ya Habibu ilikuwa nzuri zaidi.

Yasmini aliikumbuka rubi ile. Ilikuwa imeuzwa mwaka uliopita kwa mgeni mmoja, naye akaondoka na jiwe pamoja na ripoti yake halisi. Hii ilikuwa nakala. Aliinuka.

"Mzee, naomba cheti cha duka."

Silvester alikitoa. Yasmini akazipanga karatasi zote tatu pamoja juu ya kioo.

"Ripoti ya baba mdogo ni ya kweli," alisema. "Ukiitafuta kwa namba utaikuta. Lakini tusome vipimo. Urefu 8.95, upana 7.92. Jiwe hilo ni pana, karibu mviringo. Sasa hiki cheti, nilikiandika siku ile mlipolipa, kabla halijafungwa kwenye pete: 9.21 kwa 7.40 kwa 5.61. Hiyo ya Arusha: 9.21 kwa 7.40 kwa 5.61. Jiwe lililotoka hapa ndilo lililorudi. Lile la kwenye ripoti ya ng'ambo hamjawahi kuliona."

Alichukua kipimo mezani, akafungua kiboksi, akamwomba Silvester apime mwenyewe ili Habibu asiseme kuna mkono wa mtu. Mzee alilibana jiwe kwenye kipimo kwa vidole vikubwa vya kiwandani na kusoma namba kwa sauti, polepole, kama anayesoma neno kanisani. Zilikuwa zilezile.

Dukani palikuwa na wateja wengine wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuwa wakichagua pete za uchumba. Mwanamume alimgusa mwenzake kiwiko. Wakatoka.

Habibu hakubishana tena. Tasbihi ilikuwa imeacha kutembea. Aliingia nyuma ya pazia, akakaa huko kitambo, akarudi na bahasha nene. Alisema anawarudishia chao chote kwa ajili ya heshima ya uzee wao, si kwa sababu ya kosa. Aliomba tu wamwekee saini mahali kwamba wameridhika na hawatazungumza jambo hili popote. Silvester alihesabu, akaweka bahasha ndani ya koti, na akaisukuma karatasi ya saini kurudi upande wa Habibu bila kuigusa kalamu. Habibu akaiacha. Alitaka jiwe lirudi, na jiwe lilirudi. Ile ripoti ya Arusha aliiomba pia, akisema iandamane na jiwe lake, na mzee, aliyekuwa amechoka, akaiacha mezani.

Walipokuwa wakiaga mlangoni, Mama Apolonia akimfunga mumewe kifungo cha juu cha koti, Yasmini aligeuka akaona kitu ambacho hajakisahau mpaka leo. Baba yake mdogo alikuwa amemimina tone la mafuta kwenye kidole. Alikuwa akilipaka jiwe lile, taratibu, akiligeuza kwenye taa, na mistari myeupe ilikuwa ikizama na kupotea, jiwe likirudia wekundu wake. Akaliweka kwenye sinia la velveti, katikati ya mengine. Kisha akaikunja ripoti ya Arusha mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, na akavuta boksi la vyeti vitupu karibu yake.

Hakuwa anajificha. Hilo ndilo lililomtia Yasmini kinyaa kikubwa zaidi. Aliyafanya hayo mbele yake kama mtu anavyopangusa meza baada ya kula.

"Baba mdogo," Yasmini alisema, "jiwe hilo lina ripoti."

"Lilikuwa nayo," Habibu alijibu.

Yasmini aliuchukua muhuri wake mezani, akautia mkobani, na kutoka kwenye rafu akachukua daftari la nakala za vyeti. Habibu alimwambia daftari ni mali ya duka. Yasmini alisema majina yaliyomo ni ya watu waliomwamini yeye, na akapita chini ya ubao wa kaunta akatoka. Hakuna aliyemzuia. Nje palikuwa na jua kali lisilo na joto, na Silvester na mkewe walikuwa bado kwenye ngazi, wakimsubiri wamshukuru. Aliona aibu hata ya kushukuriwa. Aliwasindikiza kituoni, na njiani Mama Apolonia hakuzungumza habari ya vito hata kidogo. Alimwuliza tu kama ameshakula.

Wiki iliyofuata Yasmini alipeleka maelezo ya maandishi kwa ofisa wa madini wa mkoa, pamoja na nakala za vyeti na picha ya ripoti ya Arusha iliyobaki kwenye simu ya Silvester. Walimpokea, wakamsikiliza, wakamwambia jambo litafuatiliwa. Nyumbani Ilomba, Asmaa alihamisha kitanda chake chumba cha pili na kwa siku kadhaa alimpakulia chakula bila kumtazama. Jioni moja tu alisema, akiwa amempa mgongo, kwamba Habibu ameanza kuzungumzia bati lake.

Daftari lilikuwa na vyeti kumi na saba vya mawe mekundu ya namna ile. Yasmini aliwapigia simu wote ambao namba zao zilipatikana. Wawili walimtukana. Mwanamke mmoja wa Makambako alilia, kisha akamwomba asirudie kupiga, kwa sababu pete ilikuwa ya marehemu na hataki kujua. Mwalimu mmoja alidai yeye ni tapeli anayetaka kulinunua jiwe kwa bei ya kutupa. Wanne walisikiliza hadi mwisho, wakaandika anwani ya maabara.

Wa kumi na tatu alikuwa Anania, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, aliyenunua mawe mawili kwa mpigo kama akiba ya watoto. Alikuwa mtu wa kuelewa. Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma yake, akaomba asubiri kidogo, akatoka nje ili asikie vizuri. Alimwacha Yasmini aeleze yote: kioo, ndimu, vipimo, tofauti ya karatasi ya anayeuza na karatasi ya asiyeuza. Aliuliza maswali mazuri kuliko wote. Aliuliza maabara ikishaandika haiwezi kufutika? Yasmini akasema namba inabaki kwenye kumbukumbu zao, yeyote anaweza kuitazama. Akauliza, na kama jiwe halijapelekwa maabara, kuna anayeweza kujua kwa kutazama tu? Yasmini akasema mtu wa kawaida hawezi.

Anania alisogea mbali zaidi na mashine.

"Kwa hiyo hivi vyeti vyangu," alisema, "bado ni vizima. Vina muhuri na saini yako."

"Vina saini yangu, ndiyo. Ndiyo maana nakupigia."

"Nimekuelewa, dada. Ahsante sana kwa uaminifu wako," Anania alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Kuna jamaa hapa amevuna vizuri, alikuwa ananisumbua nimwuzie mawe haya. Ngoja nimwachie leo, na vyeti vyake kabisa, kabla maneno hayajaenea."

Simu ikakatika. Yasmini alipiga tena, na tena, akapiga mpaka mtandao ukamwambia namba haipatikani. Kisha akavaa viatu, akachukua mkoba wenye daftari na ripoti aliyoichapisha kutoka kwenye simu ya Silvester, na kwenda kutafuta gari la Ubaruku.